Pesa Imelala Wapi Dukani?

Mwaka 2017, mteja aliyeingia katika tawi la Nakumatt jijini Nairobi kutafuta unga au sukari aliweza kutoka mikono mitupu. Rafu zilikuwa zimepwaya. Duka hilo kuu lilianzia Nakuru likiuza magodoro, na hata jina lake limebeba historia hiyo. Kufikia wakati ule lilikuwa na matawi yapatayo 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Kilichokosekana kwanza hakikuwa wateja. Wasambazaji ndio waliogoma kushusha mali, kwa kuwa mali waliyoleta miezi mingi nyuma ilikuwa bado haijalipwa.

Kuna fumbo hapo. Duka kuu huuza kwa pesa taslimu. Mtu hachukui mkate na mafuta ya kupikia akaahidi kulipa mwisho wa mwezi. Analipa kaunta ndipo anatoka. Basi mali ya msambazaji ikishauzwa, pesa yake tayari imeingia dukani. Imekwenda wapi hata ashindwe kulipwa?

Swali hilo linaweza kuulizwa kwa duka lolote, liwe la matawi 60 au la mlango mmoja, na jibu lake huanza kuonekana katika namba tatu zinazotoka kwenye hesabu za mwaka. Ya kwanza hueleza mali hukaa siku ngapi kabla ya kuuzwa. Ya pili hueleza waliokopeshwa hulipa baada ya siku ngapi. Ya tatu hueleza duka lenyewe huchukua siku ngapi kuwalipa wanaolikopesha mali. Kuzikokotoa hakuhitaji zaidi ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Kazi iko katika kuzisoma.

Chukulia duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro. Ni duka la mfano tu, lakini hesabu zake zinafanana na za maduka mengi ya aina hiyo. Linauza saruji, nondo na mabati, na upande wa pili linauza vigae, rangi, vitasa, masinki na taa. Mwaka ulioishia 31 Desemba liliuza mali ya shilingi milioni 900. Mali hiyo ilinunuliwa kwa milioni 720. Baada ya kodi ya pango, mishahara, umeme na gharama nyingine, ilibaki faida ya milioni 48. Mwenye duka alipooneshwa hesabu hizo alishangaa, kwa sababu akaunti yake benki ilikuwa imepungua, haikuongezeka.

Aanze na stoki. Tarehe 1 Januari ilikuwa na thamani ya milioni 150, na tarehe 31 Desemba ilifikia milioni 210. Wastani wake ni milioni 180. Gharama ya mali iliyouzwa ikigawanywa kwa wastani huo, 720 ÷ 180, jibu ni 4. Maana yake ni kwamba stoki nzima iliuzwa na kurudishwa upya mara 4 kwa mwaka. Siku 365 zikigawanywa kwa 4 zinatoka kama 91, yaani bidhaa ya wastani hukaa dukani miezi mitatu kabla ya kupata mnunuzi.

Hapo kuna kosa ambalo hurudiwa sana. Wengi huchukua mauzo ya milioni 900 badala ya gharama ya milioni 720, wakapata mzunguko wa mara 5 na siku 73. Duka linaonekana jepesi kuliko lilivyo. Lakini stoki huandikwa vitabuni kwa bei ya kununulia, na mauzo yana faida ndani yake. Stoki lazima ipimwe kwa gharama.

Siku 91 ni nyingi au ni chache? Peke yake, namba hiyo haisemi kitu. Muuza nyanya akikaa na stoki siku 91 hana nyanya tena, ana uozo. Muuza samani anaweza kukaa nazo miezi minne na biashara ikaenda vizuri. Kilinganisho cha kwanza ni duka lenyewe la mwaka uliopita, na cha pili ni maduka yanayouza mali ya aina ile ile. Kuna jambo la tatu ambalo ni muhimu zaidi, nalo ni kuuvunja wastani uone kilichomo ndani.

Mwenye duka la Morogoro aligawa stoki yake mafungu mawili. Saruji, nondo na mabati viligharimu milioni 600 kati ya zile 720, na wastani wa stoki yake ni milioni 60. Fungu hilo linazunguka mara 10 kwa mwaka na linakaa dukani siku 36 au 37. Vigae, rangi, vitasa, masinki na taa viligharimu milioni 120 tu, lakini stoki yake ni milioni 120 pia. Fungu hilo linazunguka mara 1. Linakaa mwaka mzima.

Kwa hiyo katika duka hilo hakuna bidhaa inayokaa siku 91. Kuna inayotoka ndani ya wiki tano, na kuna inayopigwa vumbi miezi 12. Theluthi mbili ya pesa iliyo kwenye stoki imekaliwa na mali iliyoleta sehemu moja tu kati ya sita za gharama ya mauzo. Ni kweli kwamba vigae na taa vina faida kubwa kwa kila kipande, na mteja akikuta duka lina kila kitu hurudi. Hiyo ni hoja nzito, isipuuzwe. Lakini rangi ya vigae iliyopitwa na wakati haingoji faida. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyoelekea kuuzwa kwa hasara, na hasara hiyo haionekani popote hadi siku ya kupunguza bei.

Upande mwingine nao una hatari. Mzunguko ukiwa wa kasi kupita kiasi, huenda duka linaishiwa mali mara kwa mara. Fundi anakuja kuchukua mifuko 40 ya saruji, anakuta 15, anavuka barabara kwenda kwa jirani, na ile nondo aliyotaka kununua anaichukua hukohuko. Vitabu vya hesabu havina mstari wa mauzo yaliyokosekana. Dalili yake hutafutwa kaunta, kwa kuandika kila siku kilichoulizwa kikakosekana.

Namba ya pili inahusu waliokopa. Mwisho wa mwaka wadaiwa walikuwa na milioni 90 za duka. Zikigawanywa kwa mauzo yote ya milioni 900 na kuzidishwa kwa siku 365, jibu ni siku 36 na nusu. Duka linawapa wateja wake wa mkopo siku 30, hivyo mwenye duka akaona wamechelewa kidogo tu. Alikosea. Kati ya mauzo ya milioni 900, milioni 540 zililipwa papo hapo, kwa noti au kwa simu. Waliokopa walichukua mali ya milioni 360. Milioni 90 zikigawanywa kwa milioni 360 na kuzidishwa kwa 365, siku zinaruka hadi 91.

Tofauti ya 36 na 91 ndiyo tofauti ya kulala usingizi na kukesha. Duka la rejareja ambalo karibu kila mteja hulipa taslimu lina siku chache sana za madeni likipimwa kwa mauzo yote, na huo ni ukweli wake. Lakini kwa anayetaka kujua wakopaji wake wanalipaje, kipimo ni mauzo ya mkopo peke yake. Daftari la madeni likiwa limechanganywa na mauzo ya taslimu, namba hiyo haipatikani kamwe. Hiyo ni sababu ya kutosha ya kuyatenganisha kuanzia siku ya kwanza.

Kodi nayo huingiza mkono. Duka lililosajiliwa kwa VAT, ambayo Tanzania Bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, humdai mteja pesa yenye kodi ndani, ilhali mauzo huandikwa bila kodi. Kama ile milioni 90 ina VAT ndani yake, inagawanywa kwa 1.18 kwanza, na siku 91 zinashuka hadi 77. Bado ni zaidi ya mara mbili ya siku 30 zilizokubaliwa, lakini ni haki kumhukumu mdaiwa kwa kipimo sahihi. Hesabu hiyohiyo inawahusu wanaolidai duka.

Kisha wastani uvunjwe tena. Daftari lilipopangwa kwa umri wa deni, milioni 34 kati ya 90 zilikuwa za mkandarasi mmoja aliyechukua mabati na nondo za kujengea madarasa, naye anasubiri kulipwa kwanza. Bila deni lake, wastani unashuka hadi siku 57 hivi. Dawa ya waliobaki ni kufuatilia, kukumbusha na kusimamisha mkopo mpya hadi wa zamani ulipwe. Dawa ya mkandarasi ni nyingine kabisa: mkataba wa malipo kwa awamu, na kukubali mapema kwamba sehemu ya deni hilo huenda isirudi. Wastani mmoja ulikuwa umewaficha wote chini ya kofia moja.

Namba ya tatu ni ya wanaolidai duka. Wasambazaji walikuwa wanadai milioni 84 mwisho wa mwaka. Hapa kinachogawia ni manunuzi ya mwaka, nayo mara nyingi hayaandikwi wazi kwenye taarifa ya mapato. Yanatafutwa hivi: gharama ya mali iliyouzwa, jumlisha stoki ya mwisho, toa stoki ya mwanzo. Yaani 720 + 210 − 150, ambayo ni milioni 780. Kisha 84 ÷ 780 × 365, siku 39. Wachambuzi wanaosoma hesabu kwa mbali hutumia gharama ya mauzo badala ya manunuzi, na kwa duka hili wangepata siku 43. Si vibaya, mradi mtu asichanganye njia mbili anapolinganisha mwaka na mwaka.

Wanaofanya biashara ya mali kauli wanaijua namba hii bila kuiandika. Mtu anapewa mzigo kwa neno lake, anauuza, ndipo anarudisha pesa ya mwenye mali. Siku hizo ni mtaji usiotozwa riba, na mtaji huo hudumu kwa muda ule tu ambao mwenye mali bado anaamini neno alilopewa. Siku 39 dhidi ya masharti ya siku 30 ni kuchelewa kidogo. Lakini saruji ya duka hili hulipiwa kabla gari halijapakiwa, kwa hiyo haidaiwi hata senti. Milioni 84 zote ni za wasambazaji waliobaki, nao wanangoja muda mrefu kuliko siku 39.

Namba tatu zikikaa pamoja, safari ya shilingi inaonekana. Inaingia kwenye mali na kukaa siku 91. Mali ikiuzwa, shilingi inakaa kwa wateja siku 36 zaidi, ukichukua mauzo yote. Msambazaji amevumilia siku 39. Zinabaki siku 88 ambazo duka linajitegemea kwa pesa yake lenyewe au ya benki. Namba hizi za siku hazikutoka kwenye kigawanyo kimoja, hivyo jumla yake ni makisio. Hata hivyo inatosha kueleza kilichomshangaza mwenye duka.

Mwanzoni mwa mwaka alikuwa na stoki ya milioni 150 na wadaiwa wa milioni 60, huku akidaiwa milioni 70. Pesa yake iliyofungwa humo ilikuwa milioni 140. Mwisho wa mwaka stoki ni 210, wadaiwa 90, na anadaiwa 84. Pesa iliyofungwa ni milioni 216. Ndani ya miezi 12, stoki na madeni vimemeza milioni 76 zaidi. Faida ilikuwa milioni 48. Tukiacha uchakavu kando, milioni 28 zilitoka kwenye akaunti ya benki, kabla yeye hajachukua hata shilingi ya kula na ada za watoto. Hakuibiwa. Pesa iko kwenye vigae na kwenye daftari la mkandarasi.

Sasa mtu atazame duka kubwa kuliko yote duniani kwa mauzo. Walmart ya Marekani, katika mwaka wa hesabu ulioishia 31 Januari 2024, ilikuwa na mapato ya dola bilioni 648 na gharama ya mauzo ya dola bilioni 490. Stoki yake ya wastani ilikuwa karibu dola bilioni 56. Ilizunguka kama mara 8.8, yaani siku 41 au 42. Wadaiwa wake walikuwa sawa na siku 5 tu za mapato. Wasambazaji, ukiwapima kwa gharama ya mauzo, walikuwa wanasubiri kama siku 41.

Siku za stoki na siku za kulipa zinakaribia kulingana. Kwa wastani, sabuni au mchele hufika, huuzwa, na pesa yake huwa imeshaingia pale ankara inapofika muda wa kulipwa. Msambazaji ndiye anayebeba karibu stoki yote. Hakuna ubaya wowote katika hilo, kwa kuwa bidhaa husika zimeuzwa na pesa ipo.

Fumbo la Nairobi linafumbuka kuanzia hapo. Tuseme duka kuu linauza mali ndani ya siku 40, wateja wanalipa kaunta, na msambazaji analipwa siku ya 120. Kwa siku 80 pesa ya msambazaji inakaa mkononi mwa duka. Kama ingekuwa benki, msambazaji angelipwa siku yoyote akiidai. Kama haipo, imetumika kwa jambo lisilo mali ya kuuza: imejengewa tawi jipya, imelipia pango, imeziba hasara au imelipa deni lililotangulia. Siku za kulipa zinazorefuka mwaka hadi mwaka huku siku za stoki zikibaki palepale ni alama kwamba wasambazaji wamegeuzwa benki bila kuulizwa. Nakumatt ilipanuka kwa kasi, ikachukua hata maduka ya Shoprite nchini Tanzania mwaka 2014, na ilikuwa ikitegemea mikopo ya muda mfupi pamoja na uvumilivu wa wasambazaji. Januari 2018 ilikabidhiwa kwa msimamizi chini ya amri ya mahakama. Madeni yake yote yalizidi shilingi bilioni 30 za Kenya. Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe.

Jambo moja huwapotosha wanaosoma hesabu za duka linaloelekea huko. Wasambazaji wakiacha kuleta mali, stoki hupungua, na mzunguko wa bidhaa huonekana umekuwa wa kasi. Mgonjwa anapungua uzito, watu wanasifu umbo lake. Kwa sababu hiyo mzunguko mzuri unaoambatana na siku za kulipa zinazopanda usishangiliwe kabla mtu hajafika dukani kuona rafu kwa macho.

Nchini Kenya yaliyowapata wasambazaji yalifika bungeni. Marekebisho ya Sheria ya Ushindani yaliyoanza kutumika Desemba 2019 yanataja kuchelewesha malipo ya msambazaji bila sababu ya msingi, kinyume cha masharti yaliyokubaliwa, kuwa matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi.

Tahadhari moja imebaki, nayo ni ya tarehe. Mizania ni picha ya siku moja. Duka la madaftari na sare za shule likifunga hesabu mwisho wa Januari litaonekana halina stoki. Likifunga mwisho wa Desemba litaonekana limezidiwa. Wapo pia wanaochelewesha kuagiza mali hadi hesabu zipite, ili picha ipendeze. Anayetaka ukweli achukue stoki, wadaiwa na wadai wa mwisho wa kila mwezi, ajumlishe miezi 12, agawanye kwa 12. Na stoki ihesabiwe kwa mkono, kwa sababu kilichoibwa au kuvunjika hubaki hai kwenye kompyuta.

Mwenye duka la Morogoro anaweza kuimaliza kazi yake kwa kuipa siku bei. Gharama ya milioni 720 ikigawanywa kwa siku 365, kila siku moja ya stoki inamfungia karibu shilingi milioni 2. Mauzo ya mkopo ya milioni 360 yakigawanywa vivyo hivyo, kila siku moja ya kuchelewa kwa wakopaji ni karibu milioni 1. Akiwarudisha wadaiwa kutoka siku 91 hadi 61, milioni 30 zinaingia benki. Akishusha stoki kwa siku 20, zinaingia karibu milioni 40 nyingine. Jumla inakaribia ile milioni 76 iliyopotelea humo, na haitozwi riba. Aanzie stoo ya nyuma, kwenye vigae vilivyokaa mwaka mzima.